Maji Mlangoni pa Chumba cha Pembeni

Binti yangu alirudi nyumbani mwaka wake wa mwisho chuo kikuu, akasema amekuja kutusoma. Nilimwuliza kama sisi ni gazeti. Alicheka, lakini hakukana.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuandika jinsi watu wanavyoishi ndani ya ploti moja ya Dandora, hapa Nairobi. Nani anaosha choo, nani anapanga zamu ya mfereji wa bomba, watu wakigombana nani anaamua, mpangaji mpya anafundishwa na nani desturi za mahali. Angeweza kwenda ploti ya mtu mwingine. Alichagua yetu kwa sababu, alisema, hapa hakuna atakayemfungia mlango.

Mwalimu wake alimkubalia, ila alimwekea sharti. Alimwambia kwamba mtu akichunguza kwao huacha kuuliza yale anayodhani anayajua, na watu nao huacha kumweleza. Kwa hiyo pamoja na habari za wapangaji aandike habari zake mwenyewe: yeye ni nani kwa hawa watu, wanamwambia nini kwa sababu ni yeye, wanamficha nini kwa sababu hiyo hiyo, na ni jambo gani hakuuliza. Asipoweza kulifanya hilo, kazi haitapokelewa na atarudia mwaka.

Kurudia mwaka kwetu halikuwa jambo dogo. Baba yake alikufa akiwa mtu wa reli, na mimi sikuwa na mwaka mwingine wa kumpa. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba sielewi mtu anawezaje kuandikwa na kuwa mwandishi kwa wakati mmoja, lakini kama ndivyo wanavyotaka huko, afanye.

Mimi sikusoma sana. Nilitolewa darasa la nne nikapewa ndugu zangu niwalee. Haya ninayoandika naandika kama ninavyoongea, na mjukuu mmoja atanyoosha pale palipopinda.

Ploti ile tulipewa zile siku Dandora ilipokuwa udongo mtupu na vigingi. Unapewa kiwanja, choo, mfereji na chumba kimoja, vingine unajenga mwenyewe kidogo kidogo, unapangisha. Nilijenga pande zote mbili hadi katikati pakabaki uwanja mwembamba wa saruji, na mwisho wa uwanja, karibu na choo, palikuwa na chumba cha pembeni. Hicho sikukipangisha. Nilikifunga kufuli, nikaweka ndani mbao na mifuko ya saruji iliyobaki, ile saruji ikashika unyevu ikawa mawe. Hakuna aliyekufa mle, wala aliyewahi kulala mle. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia habari hii huuliza hilo kwanza.

Wapangaji aliowasikiliza zaidi walikuwa watatu. Kulikuwa na bibi mmoja mzee kutoka Murang'a, muuza mboga, ambaye ploti nzima ilimwita cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Kulikuwa na mke wa mfanyakazi wa kanjo, yaani baraza la jiji; alikuwa mtu wa magharibi kama mimi, mwenye mdomo. Na kulikuwa na fundi wa mabati aliyekuwa akitengeneza majiko barabarani na kurudi amejaa masizi hadi kope.

Binti aliazima redio ya kaseti inayonasa sauti. Aliketi na kila mmoja mchana kutwa, siku nyingi. Mimi niliona kazi inakwenda. Kisha alasiri moja alinikalisha tusikilize, kwa kuwa kuna sehemu kelele za watoto zilifunika maneno na alitaka nimsaidie kusikia.

Nilichosikia hakikunipendeza. Mke wa kanjo alianza, "Basi siku mfereji ukikauka, kama unavyojua..." akanyamaza. Sauti ya binti yangu ikamalizia, ikaeleza jinsi tunavyofanya mfereji ukikauka. Mke wa kanjo akasema, "Ehe, hivyo hivyo." Akaulizwa nani alimwonyesha desturi za ploti alipohamia. Akasema, "Si unajua." Binti akasema, "Ndiyo, najua." Kaseti nzima ilikwenda hivyo. Cucu naye vile vile, fundi naye. Wao walikuwa wakifungua mlango kidogo tu, na sauti moja ilikuwa ikiingia na kusema yote.

Na ile sauti, katika kile kimashine, haikuwa ya binti yangu. Ilikuwa yangu. Namna ya kuvuta neno la mwisho, namna ya kukohoa kabla ya kukataa. Niliketi pale jikoni nikajisikia nikijibu maswali ambayo sikuwahi kuulizwa, ndani ya vyumba ambavyo sikuwa nimeingia. Nilimwambia azime. Akazima. Hatukutazamana.

Alipopeleka maandishi yake, mwalimu alimrudishia na maneno machache. Alimwambia, "Watu wako hawajasema kitu. Umesema wewe." Akamwagiza aje na mwanafunzi mwenzake, mtu asiyejua lolote kuhusu Dandora, akae naye siku kadhaa na aulize anachotaka. Kama hata hapo hakuna kipya, ahamie mtaa mwingine aanze upya, na hiyo maana yake ilikuwa mwaka mwingine.

Mwenzake alikuwa msichana wa Mombasa. Alifika asubuhi, amejitanda leso, akaniamkia, "Shikamoo, mama," akainama. Ploti ilimpenda kwa kumcheka. Mke wa kanjo alisema, "Huyu anaongea kama redio saa ya habari." Fundi akamwambia binti yangu, "Niaje, msomi, umetuletea mkalimani?" Yule msichana alicheka nao. Aliketi kwenye kigoda karibu na mfereji, hakuuliza kitu. Aliangalia tu.

Jua lilikuwa limeshapanda. Moshi wa jalala ulikuwa umelala juu ya paa kama kawaida, na korongo wawili walikuwa wamesimama kwenye ukuta wa choo, vichwa vipara, kimya. Wanawake walichota maji mmoja baada ya mwingine. Binti yangu alichota wa mwisho, kwa sababu mgeni angetaka chai. Aliinua mtungi, akaenda.

Ndipo yule msichana wa Mombasa akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Samahani dada, mbona nyote mnamwaga maji pale?"

Binti akauliza, "Pale wapi?"

"Pale mlangoni, kwenye kile chumba cha kufuli. Kila mtu akishachota huenda pale kwanza, humwaga kidogo, halafu ndiyo huenda kwake. Wewe pia umemwaga sasa hivi."

"Mimi sijamwaga maji."

Yule msichana hakubishana. Aliangalia tu chini, na sisi tukaangalia. Kizingiti cha chumba cha pembeni kilikuwa kimelowa, na kutoka hapo matone yalikuwa yamefuatana kwenye saruji hadi miguuni pa binti yangu. Mkononi alikuwa ameshika kikombe. Mtungi ulikuwa mkono wa pili.

Mke wa kanjo aliingia kwake akafunga mlango, mchana kweupe. Cucu alikuwa akichambua sukuma wiki, akaendelea kuchambua, lakini alikuwa akitupa majani mazuri na kuweka yale mabovu. Binti yangu alibaki amesimama na kile kikombe kama mtu aliyekikuta mkononi mwake akiamka.

Alikuwa amekaa nasi wiki nyingi akiandika kila kitu: zamu ya choo, bei ya chumba, nani kamnunia nani. Hilo la maji halikuwamo hata kwa mstari mmoja. Alikuwa akilifanya kila siku na hakuwa ameliona. Usiku ule hakula. Aliniambia, "Mama, kama sikuliona hilo, sijui mengine." Nilijua anachohesabu. Alikuwa akihesabu mwaka.

Kesho yake alianza kuuliza. Kwanza aliuliza mwenyewe, kisha mwenzake akauliza watu wale wale peke yake, kwa swali lile lile. Hiyo ilikuwa akili ya yule msichana na niliona ni akili nzuri.

Mke wa kanjo alimjibu binti yangu, "Unaniuliza mimi? Mwulize mama yako, si yeye ndiye serikali ya hapa." Alipoulizwa na mgeni alisema wanapoza vumbi, pale pana vumbi sana. Pale ni saruji tupu. Fundi alimwambia binti yangu kwamba hakujua kuna jambo kama hilo. Kwa mgeni alisema ni mambo ya dini, kila nyumba na dini yake, yeye hachunguzi. Cucu alimwambia binti yangu, "Mwanangu, wewe unajua." Binti akasema hajui. Cucu akamtazama, akasema, "Basi kama hujui, mimi pia sijui." Na kwa mgeni cucu hakukubali kusema kitu. Alimpa ndizi.

Wasichana walikaa kitandani kwangu wakapanga yale majibu. Mgeni akasema, "Kwangu wanasema lolote ili niondoke. Kwako hawasemi ili wasifukuzwe." Binti akasema, "Nani atawafukuza?" Yule mwingine alinitazama mimi kidogo tu, halafu akatazama chini kwa adabu.

Nilikasirika. Nikawaambia sijawahi kumfukuza mtu kwa maji. Nikawaambia mimi mwenyewe niliwakuta wapangaji wanafanya hivyo nikafikiri ni mambo yao, nikawaachia. Mimi simwagi maji mlangoni pa stoo ya mbao. Nina akili timamu.

Msichana wa Mombasa akasema polepole, "Mama, nisamehe. Umemwaga leo asubuhi. Na jana."

Sitaandika nilichomjibu. Lakini asubuhi iliyofuata nilikwenda mferejini nikijiangalia. Nilichota, nikafunga, nikainua karai, nikarudi moja kwa moja jikoni, nikajisifu moyoni. Nilipoliweka chini nikaona kandambili yangu ya kulia imelowa, na mlango wa jikoni uko upande mwingine kabisa wa uwanja. Nilitoka nikatazama. Kizingiti kilikuwa kibichi. Nilisimama pale hata sufuria ikaungua.

Nimeishi na wafu wa kutosha kujua kwamba hawana kazi na maji yangu. Sikuogopa mtu wa ndani ya chumba. Niliuogopa mkono wangu mwenyewe.

Baada ya siku hiyo binti alikuja akaniambia kwamba anataka kunihoji. Nilimwambia ameshanisikia miaka yote, anataka nini tena. Akasema, "Leo naomba nikuulize kama sikujui."

Aliketi mbele yangu kwenye kile kigoda, akabonyeza redio, akaniangalia. Nimezaa watoto, nimezika wengine, nimeangaliwa na watu wa kila namna, lakini sijawahi kuangaliwa vile. Macho yalikuwa yale yale niliyoyapangusa matongo, na ndani yake hakukuwa na mtu anayenijua. Aliniuliza nilikuja Dandora mwaka gani. Nikamwambia, "Ulikuwa mgongoni mwa punda aliyebeba godoro letu, ukilia." Akasema, "Naomba unijibu kama mgeni, mama."

"Mgeni hawezi kuniita mama."

"Basi nikuite nani?"

Nilifikiri. "Niite mwenye ploti," nikasema. "Ndivyo wanavyoniita wakidhani sisikii."

Akaniita hivyo. Na sijui ni nini, lakini alipoacha kuwa mwanangu nilianza kusema mambo ambayo mwanangu hakuwahi kuniuliza. Nilimweleza nilivyopewa ploti na nilivyojenga, fundi mwashi gani alikuja, nani aliiba mchanga. Nikaeleza kwamba saruji mpya isipomwagiliwa maji hupasuka, kwa hiyo vizingiti vikiisha kumwagwa, mtu huvimwagilia kila siku hadi vikomae. Mimi nilikuwa natoka kwenda kufua nguo za watu Buruburu. Kwa hiyo ile kazi nilimwachia mtoto.

"Mtoto gani?" akauliza mgeni wangu.

Nikamwambia, "Wewe."

Kaseti ilikuwa bado inazunguka. Uso wake ulirudi kuwa wa binti yangu kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi.

"Nilikuwa namwagilia vizingiti vyote?"

"Vyote. Na vikakomaa, nikakuambia uache."

"Niliacha?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshakubali kujibu kama mwenye ploti, si kama mama, nikatafuta kwa uaminifu nikaona sijui. Nilikuwa nikitoka kabla maji hayajatoka na kurudi jioni. Wapangaji wa kwanza walihamia wiki zile zile. Cucu alikuwa mmoja wao. Walichokuwa wakiona kila asubuhi ni mtoto wa mwenye ploti akichota maji na kupeleka ya kwanza kwenye mlango wa chumba kilichofungwa. Wewe ukihamia nyumba ya mtu na kumwona mwanawe anafanya hivyo, utauliza? Utafanya hivyo hivyo na kushukuru umeelewa mapema.

Tulimwita cucu, akaja akitafuna ndizi. Safari hii binti hakumwuliza kwa nini. Alimwuliza alimwona nani wa kwanza. Cucu akasema, "Nilikuona wewe. Ulikuwa mdogo, una nywele zimesimama. Nikasema, huyu ametumwa na mama yake. Kila aliyekuja baadaye nikamwonyesha."

"Na mimi nilifikiri nimeiga kwenu," nikasema.

Cucu akasema, "Mwenye ploti, kila mtu hapa alifikiri ni wewe."

Basi ikawa hivyo. Binti yangu alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu kuchunguza desturi ya mahali, na desturi yenyewe alikuwa ameianzisha yeye na kuisahau. Nilidhani limekwisha. Nilimwambia, sasa una kitu cha kumwandikia mwalimu, mwaka umepona. Nikashangaa kumwona hafurahi. Alikuwa ameshika mikono yake katikati ya magoti.

"Mama, vizingiti vilikuwa vingi," alisema. "Kwa nini niliendelea na kile kimoja?"

"Ulikuwa mtoto. Watoto wana michezo."

"Kulikuwa na mtu akisema 'bado.'"

Cucu aliacha kutafuna.

Binti alieleza polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia. Alisema anakumbuka jua kali, uwanja mtupu, amechutama mbele ya ule mlango na kikombe. Anamwaga. Kutoka upande wa ndani, chini, karibu na pengo la mlango, sauti inasema *bado*. Si ya kutisha. Ya mtu mzima anayesubiri kazi imalizike. Anamwaga tena. Siku iliposikika hivyo mara ya kwanza hakumbuki, wala siku iliponyamaza. Kisha akasema jambo lililoniingiza baridi kuliko ile sauti. Alisema, "Na sijui kama ninalikumbuka, au limekuja jana kwa sababu ya kuuliza sana."

Cucu aliinuka akaenda kwake bila kuaga. Mimi nilimwambia binti asiliandike hilo. Mwalimu atadhani amerukwa na akili, na mwaka utapotea kwa neno moja. Aandike saruji. Saruji inaeleweka.

Alipeleka swali kwa mwalimu wake. Mwalimu akamwambia, andika vyote viwili, na andika kwamba hujui. Akamwambia pia jambo jingine lililokuwa gumu kwangu. Alimtaka aandike kwamba wapangaji walimjibu vile kwa sababu yeye ni mtoto wa mwenye nyumba, na kwamba watu walifuata desturi kwa kuogopa. Na kabla ya kuipeleka kazi, awasomee wenyewe walioandikwa, kwa sababu hata majina yakifichwa, nani Dandora asingejua ni nani muuza mboga na nani mke wa mtu wa kanjo.

Nilikataa siku mbili. Kuandika kwamba watu wananiogopa, kitabu kikae kwenye kabati la chuo hadi wajukuu wa watu wakisome. Binti hakunibembeleza. Aliniambia tu, "Nikiliondoa, nitakuwa nimesema tena kwa niaba yenu, kama kwenye kaseti." Nikaisikia ile sauti tena ndani ya kimashine. Nikamwambia, andika.

Aliwasomea Jumapili mchana, baada ya kanisa, wote uwanjani kwenye vigoda. Msichana wa Mombasa alikuja naye, akakaa nyuma. Binti alisoma kwa Kiswahili, akigeuza kutoka Kiingereza. Alianza na habari zake: mimi ni mtoto wa mwenye ploti, nimekulia hapa, mlinijibu mkijua hivyo. Fundi akakohoa. Alipofika kwenye saruji na mtoto na kikombe, mke wa kanjo alijipiga paja.

"Yaani miaka yote hii tumekuwa tukikomaza saruji ya mama yako," akasema. "Na kodi tunalipa."

Watu wakacheka, hata mimi. Binti akasoma pale aliposema watu walifanya kwa woga. Kicheko kikaisha. Cucu akainua mkono kama wa shule.

"Hapo pangu badilisha," akasema. "Sikufanya kwa kumwogopa mwenye ploti. Yeye ana kelele tu. Andika nilifanya kwa sababu nilimwona mtoto anaongea na mlango na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimsaidia."

Binti alishusha karatasi. "Ulinisikia nikiongea?"

"Nilikuona midomo."

"Na yule mwingine, cucu? Ulimsikia?"

Cucu alipanga leso yake magotini, akaipanga tena. "Hilo usiniulize wewe," akasema. "Na huyu wa Mombasa pia asiniulize. Andikeni kwamba mliuliza."

Binti akaandika, pale pale, mbele ya wote, kwamba aliuliza na hakujibiwa. Mke wa kanjo naye akasema yeye woga usifutwe, uachwe, kwa sababu yeye aliogopa na bado anaogopa, na asidhani mtu kwamba kwa kuwa tumecheka basi chumba kitashuka kodi. Hilo nalo likaandikwa. Fundi akasema yake iondolewe kabisa, na ikaondolewa. Mimi niliulizwa kama nina la kubadilisha. Nilikuwa nalo. Nikasema liachwe lilivyo.

Kazi ilipelekwa. Walimu walimwita, wakaketi kundi zima upande mmoja wa meza na yeye peke yake upande wa pili, wakamwuliza maswali asubuhi nzima. Alinisimulia aliporudi, amekaa hapo jikoni na viatu bado mguuni. Alisema mmoja wao, mzee asiyecheka, alikuwa ameisoma yote kwa kalamu mkononi na alikuja na swali moja tu. Alimwuliza, sasa kwa kuwa unajua kila kitu, je, bado unamwaga?

"Ukamjibu nini?" nikamwuliza.

"Nilimwambia hilo siwezi kulijibu mimi. Amwulize mtu anayenitazama."

Walinong'ona wao kwa wao, alisema, kisha wakampitisha.